Pumu au bumu: shajara ya neno moja katika Al-Inkishafi

Siku ya 1

Kazi yenyewe ni ndogo kwa maelezo: kuandika sherehe ya maneno magumu ya beti za Al-Inkishafi zinazozungumzia majumba ya Pate yaliyohamwa. Kila neno lipate kadi yake, na kila kadi iseme neno limepatikana wapi, limesomwa vipi, na kwa nini maana hii imechaguliwa badala ya ile. Nimejiwekea sharti moja. Sifungui tafsiri yoyote iliyochapishwa mpaka kadi zote ziwe zimejaa, maana nikishaisoma tafsiri, kamusi zote zitaanza kunikubalia.

Ubeti wa kwanza mezani ni huu, kama ulivyo katika nakala iliyopigwa chapa ambayo mwenzangu alinipa:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni
Pumu hukoroma kati nyumbani
Zisiji na kotwe waikaliye

Nimeusoma mara tatu nikadhani nimeuelewa robo tatu. Mstari wa tatu ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote. Pumu naijua, kukoroma nakujua, nyumbani napajua. Nikaandika kwenye kadi: "Mgonjwa wa pumu anakoroma ndani ya nyumba, taswira ya maradhi." Nikaenda zangu kulala nikiwa nimeridhika.

Siku ya 2

Nimeanza na madaka, kwa sababu ndilo lililonitisha.

Neno hili halitafutwi lilivyo. Ma- ni kiambishi cha wingi, kwa hiyo mlango wa kuingilia ni daka, na daka lenyewe linakupeleka kwa mdogo wake, kidaka. Kwenye kamusi ya Johnson ya 1939, ile iliyojengwa juu ya kazi ya Madan ya 1903, kidaka kina maana zaidi ya moja: kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kimio kilichoning'inia kooni, na nazi changa kabisa, ile inayofuata tu baada ya ua. Halafu kuna kudaka, kunyaka kitu hewani, ambako hakuna ukoo na haya.

Hapa nimecheka peke yangu. Mnazi una ngazi zake: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kidaka kimo katika mstari wa kwanza wa ubeti wangu na koroma imo katika wa tatu. Mtu mwenye kamusi nzuri na haraka ya kumaliza angeweza kuthibitisha, kwa ushahidi wa kurasa mbili, kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa anaeleza shamba la minazi. Kila maana aliyoichukua ingekuwa ya kweli, imeandikwa, na si mahali pake.

Kinachookoa ni zisahani. Kiambishi zi- hapa si cha "nyumba zi-". Ni cha Kiamu, na kwa Kiswahili sanifu ni vi-. Zisahani ni visahani. Madaka ya visahani ni vile vishimo vya kutani, safu juu ya safu, ambamo wenye majumba walipanga vyombo vyao vya kaure. Kimio hakiwekwi sahani, wala nazi changa. Kadi ya kwanza imejaa bila wasiwasi: matundu ya ukutani ya mapambo.

Nimeandika pembeni kanuni ya kujikumbusha: kabla ya kufungua kamusi yoyote sanifu, neno lirudishwe kwanza kwenye sura ambayo kamusi ingeliandika. Iyu itafutwe kwenye juu, nde kwenye nje, ndia kwenye njia, mato kwenye macho. Bila hivyo mtu atasema "neno halimo" na kumbe limo ukurasa mwingine.

Siku ya 3

Walaliye. Nilitaka kulipita, likanishika mkono.

Kamusi hazina walaliye, kwa sababu ni kitenzi kilichovaa njeo ya zamani, ile inayobadilisha mwisho wa kitenzi mahali ambapo sisi tungetia -me-. Ubeti jirani una mfano mzuri: "nyumba zao mbake ziwele tame". Ziwele ni zimekuwa, kutoka kuwa. Sasa, kwa njia hiyohiyo kulala hutoa -lele. Kwa hiyo walaliye haliwezi kuwa "wamelala" tu, lingekuwa walele. Ni kulalia: wameyalalia madaka, wameyafanya mahali pao pa kulala. Herufi mbili tatu, lakini zinatuambia ndege wako wapi: wamo ndani ya vishimo vilevile vya sahani. Nafasi ya chombo imeshikwa na kiota.

Nyuni halikunipa taabu. Kamusi za zamani zinalo kama neno la ndege kwa jumla, pamoja na maana ya pili ya maradhi ya watoto wachanga, degedege, ambayo watu waliyahusisha na ndege. Nimesita kidogo hapo. Ikiwa nyuni linaweza kuwa maradhi na mstari unaofuata una pumu, je, ubeti mzima si wa maradhi? Kadi yangu ya siku ya kwanza ilionekana kupata nguvu. Lakini "wana wa nyuni" wamelalia madaka, na maradhi hayana wana wala hayalalii ukuta.

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Ndege mstari wa pili. Mstari wa nne una waikaliye, na wa- ile ya mwanzo ni ya viumbe hai, hivyo zisiji na kotwe, hata kabla sijazifungulia kamusi, ni wanyama au ndege na si vitu, ingawa zisiji imevaa zi- ya kisiji. Ndege juu, viumbe chini, na katikati mgonjwa wa pumu? Nani kambakisha? Nyumba hii imeshahamwa.

Siku ya 4

Nilimpigia Maalim mmoja aliyesoma hati za kale maisha yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watu wa nyumbani moja baada ya moja, nikamsomea mstari.

"Hiyo pumu umeiona wewe mwenyewe kwenye hati, au umeambiwa?"

"Nimeikuta kwenye chapa, Maalim."

"Basi rudi kwenye hati, mwanangu. Ba ya wazee wetu ina watoto watatu, na aliyepiga chapa kakuchagulia mmoja."

Nilipaswa kulijua hilo. Herufi za Kiarabu hazina p, na waandishi wengi wa zamani wa Kiswahili waliitumia ba kwa b, kwa p na kwa mb bila kuweka alama ya kutofautisha. Dhuma nayo ni u au o, msomaji achague. Kwa hiyo neno lililoandikwa ba yenye dhuma na mim yenye dhuma lina njia tatu za kusomwa mwanzoni, mbili katikati na mbili mwishoni. Tatu mara mbili mara mbili: sura kumi na mbili kwa neno moja la silabi mbili. Aliyepiga chapa aliona kumi na moja kati ya hizo hazina maana kwake, akaandika iliyobaki. Simlaumu sana; na mimi nilifanya hivyohivyo nikaongeza na ufafanuzi juu yake.

Siku ya 5

Nimeketi na picha ya hati. Neno limeandikwa ba, wau, mim. Furaha yangu ya kwanza ilikuwa ile wau: nikasema hii ni u ndefu ya Kiarabu, hivyo neno ni la Kiarabu, kazi imekwisha. Halafu nikaangalia maneno mengine kwenye ukurasa huohuo. Mwandishi anatia herufi ya kuvuta karibu kila mahali penye mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho, hata kwenye maneno ya Kibantu yasiyo na uhusiano wowote na Kiarabu. Wau yangu inaonyesha mkazo tu. Ushahidi umeyeyuka mkononi.

Nikaandika sura zote kumi na mbili kwenye karatasi na kufuta zile ambazo sikupata njia yoyote ya kuzifanya neno. Zilizobaki na uhai ni tatu: pumu, bomu, bumu.

Mizani haikunisaidia kuchagua. Kila mstari una mizani kumi na moja, na kituo baada ya ya sita: "Bumu hukoroma / kati nyumbani". Pumu ni mizani mbili, bomu mbili, bumu mbili. Mizani hukamata neno lililozidi au kupungua, na haya yote matatu yanapita mlangoni pamoja.

Sarufi nayo ilikataa kusema. Laiti mshairi angeandika "yakoroma" au "wakoroma", ngeli ingejitokeza na tungejua kama ni kitu au kiumbe, kimoja au wengi. Lakini kaandika hukoroma, na hu- ya mazoea haina nafsi wala ngeli. Ni kiambishi kinachoficha kila mtu nyuma yake.

Bomu nimeliondoa kwa urahisi: hakuna vita ndani ya ubeti, na shairi lina takriban miaka 200. Imebaki pumu na bumu.

Siku ya 6

Kamusi yangu ya mezani haikunipa chochote cha kufaa kwenye bumu. Kwa neno la namna hii sikushangaa sana. Kamusi za karne ya 19 na mwanzo wa 20 zilikusanywa zaidi kutoka midomo ya watu: Krapf akisikiliza Mombasa, na kitabu chake kikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, Steere akisikiliza Unguja, 1870. Hayo ni masikio mazuri kwa neno la jikoni au la baharini. Lakini mshairi wa Al-Inkishafi alikuwa mwanachuoni, na mwanachuoni anaweza kuchukua neno kutoka rafu yake ya vitabu vya Kiarabu na kulitia katika shairi bila neno hilo kupita sokoni hata siku moja. Kwa neno kama hilo kamusi ya kuuliza ni ya Kiarabu.

Kwa Lane, juzuu ya kwanza ya 1863, mzizi wa ba, wau na mim. Jibu liko palepale: bum ni bundi. Kwa Kiarabu bum ni jina la jinsi, yaani bundi kwa ujumla wao, na akitajwa mmoja huongezwa alama ya umoja mwishoni, dume au jike ni sawa.

Nimetulia kwanza, maana pumu nayo siku ya kwanza ilinipa furaha hiihii. Neno kuwemo katika kamusi ya Kiarabu hakulifanyi limo katika shairi la Kiswahili. Kwanza, umbo. Neno la Kiarabu linaloishia na konsonanti likiingia kwetu huongezewa irabu, na baada ya m irabu hiyo mara nyingi ni u: salam ikawa salamu, qalam ikawa kalamu, hakim ikawa hakimu. Bum ingekuwa bumu, bila kulazimisha chochote. Pili, ikiwa neno ni la Kiarabu, herufi ya kwanza lazima iwe b, kwani p haikuwepo huko ilikotoka. Hati na asili zinakubaliana. Tatu, bum ya Kiarabu ina pacha: ni jina la aina ya jahazi la Ghuba. Nimeliandika kwenye kadi ili lionekane limefikiriwa, kisha nimelikata. Jahazi haliingii kati ya nyumba.

Na kukoroma? Bundi wa mjini kwetu twasema analia. Lakini kukoroma ni sauti nzito inayotoka ndani ya koo, na aliyewahi kumsikia bundi usiku hatahitaji kamusi kukubali kwamba neno linamfaa. Kwa hakika mshairi kachagua kitenzi kikatili. Mahali alipokuwa akikoroma mwenye nyumba juu ya kitanda chake, sasa anayekoroma ni bundi. Pumu ingeuua mzaha huo, kwa sababu mgonjwa ni mtu, na nyumba yenye mtu si hame.

Siku ya 7

Mwenzangu aliyenipa chapa hakukubali. "Ndugu yangu, kwani mshairi hakulijua neno bundi? Kamusi za zamani zina bundi, zina babewana, zina babewatoto. Yote hayo ni huyu huyu ndege. Kwa nini akope?"

Swali lina haki yake, na mizani hailijibu: bundi ni mizani mbili, lingekaa hapo bila kubadilisha kitu. Basi sababu itafutwe kwingine, na nadhani iko katika kawaida ya washairi wa lugha alizozisoma. Inasimuliwa kwamba Sultan Mehmed wa Pili alipoingia katika jumba lililoachwa la wafalme wa Konstantinopoli mwaka 1453 alisoma ubeti wa Kifarsi: buibui ndiye bawabu wa pazia katika jumba la Kaisari, na bundi ndiye apigaye ngoma ya zamu katika ngome ya Afrasiab. Neno la bundi katika ubeti huo ni bum. Kifarsi kinalo neno hilohilo.

Sidai kwamba mshairi wa Pate aliujua ubeti ule. Nadai kitu kidogo zaidi. Wasomi wa pande hizo walipotaka kusema "jumba la kifalme limekufa", buibui na bundi walikuja pamoja. Nikarudi kwenye ubeti jirani wa nyumba zilizokuwa tame, nikakuta mstari wake wa mwisho: "zitanda matandu walitandiye". Matandu ni utando wa buibui. Ndio hao wawili, beti mbili zilizokaribiana. Bundi wa Kibantu angekuwa ndege wa uchuro juu ya mti. Bumu anakuja na majumba yote yaliyoanguka kabla ya Pate.

Mwenzangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nimekupa nusu." Nusu yake nyingine inasubiri Sacleux, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka 1939, ambayo hutaja lahaja ya neno na mara nyingi asili yake. Yeye ndiye asomaye Kifaransa, kwa hiyo kazi hiyo imemwangukia. Nimemwomba anitazamie na kisiji na kotwe palepale.

Siku ya 8

Kadi, kama ilivyo sasa:

Bumu. Hati: ba-wau-mim, dhuma mbili. Chapa: "pumu", imekataliwa. Maana: bundi, mmoja au wengi, hu- haisemi. Asili: Kiarabu bum. Hoja kwa uzito wake: ubeti wote ni wa viumbe waliorithi nyumba, matandu ya buibui katika ubeti jirani, umbo la neno. Hoja zisizohesabiwa: mizani, wau ya hati. Kiwango cha uhakika: juu. Sacleux: bado.

Ule mstari wa "hoja zisizohesabiwa" nimeuongeza kwenye kadi zote za nyuma pia. Atakayekuja baada yangu akiiona wau kwenye hati atafurahi kama nilivyofurahi, na ni vizuri akute nimeshaipita.

Kadi ya siku ya kwanza, ile ya mgonjwa, sijaitupa. Nimeibandika nyuma ya hii.

Mchana nimesogea mbele hadi kwenye ubeti unaoanza "Nyumba kati zao huvuma mende, kumbi za msana hulia ngende". Ngende analia, sawa, ni mdudu wa usiku wa jamaa ya nyenje. Lakini mende huyu anavuma. Mende ninaowajua mimi hukimbia, hujificha na hutafuna. Kuvuma ni kazi ya nyuki na nzi. Na hu- ipo tena, imeficha ngeli. Nimeiweka picha ya hati karibu na taa na kuanza na herufi ya kwanza.